Kuhama na jiko la Mama: nini huvuka na nini hubaki unapotoka TikTok kwenda YouTube

Jumapili tarehe 19 Januari 2025, mchana kwa saa zetu za Sydney, TikTok ilizimika Marekani kwa sababu ya sheria iliyokuwa ikianza kutumika huko. Sisi tulio Australia hatukuguswa; programu iliendelea kufunguka kama kawaida. Lakini zaidi ya robo ya watu wanaomtazama mama yangu akipika wanaishi Minnesota, Ohio na Texas, na siku ile video yake mpya ya mkate wa kumimina ilikaa bila zile salamu za "shikamoo Mama" zinazomiminika kila anapoonekana. Mama alinigeukia akauliza, "Kwani watu wangu wa Amerika wamekwenda wapi?"

Huduma ilirudi kabla siku nzima haijapita, ingawa katika maduka ya programu ya Marekani TikTok haikurejea hadi katikati ya Februari. Lakini swali la Mama halikuondoka. Alikuja kwetu Blacktown kutoka Tanga, na binti yangu ndiye aliyeanza kumrekodi akikuna nazi. Kufikia mwezi ule tulikuwa na wafuasi elfu kumi na mbili na mia tatu. Kwa Mama hao si namba. Ni wanawake wanaomuuliza kwa nini wali wao wa nazi unashika chini, na wajukuu wa watu wengine wanaojifunza kwake neno "mwiko" wakiwa nchi ambayo hakuna anayelitumia. Tukaamua kufungua mlango wa pili YouTube. Tangu hapo wazazi na wanafunzi kadhaa wameniuliza jinsi ya kuwahamisha wafuasi wao. Jibu fupi ni kwamba wafuasi hawahamishwi. Wachache kati yao huhama wenyewe ukiwapa njia na sababu.

Kinachobebeka na kisichobebeka

YouTube haina mlango wa kupokea wafuasi wa TikTok, wala TikTok haina mlango wa kuwatoa. Unaweza kuomba nakala ya data zako kupitia `Settings and privacy`, kisha `Account`, kisha `Download your data`. Baada ya muda utapata faili, na ndani yake mna orodha ya wafuasi. Binti yangu alishangilia alipoiona, mpaka alipoifungua. Kila mstari una jina la akaunti na tarehe mtu huyo alipoanza kukufuata, basi. Hakuna simu wala barua pepe. Ukiwa nje ya TikTok, jina hilo halikusaidii kumfikia mwenyewe.

Maoni hayahami. Idadi ya waliotazama haihami. Wala hakihami kile ambacho mfumo wa kupendekeza umejifunza kwa miaka miwili, kwamba mtu fulani wa Muscat hutazama vitumbua hadi mwisho na mwingine wa Nairobi hupita haraka. YouTube inakupokea kama mgeni kabisa.

Kinachobebeka ni vitu viwili: video na jina.

Video ibebe kutoka kwenye simu iliyorekodi, si kutoka TikTok. Ile unayoihifadhi kutoka ndani ya programu kwa kawaida huja na nembo ya TikTok inayorukaruka pembeni, na picha yake imeshabanwa. Sisi tulikuwa na klipu 140 zilizochapishwa. Zile ambazo picha zake za asili bado zilikuwepo, kwenye simu ya binti yangu na kwenye diski ya nje, zilikuwa 88. Hizo ndizo tulizozihesabu kuwa mali yetu.

Halafu kuna muziki. Wimbo unaouchagua ndani ya TikTok una ruhusa ya kutumika humo tu. Ruhusa hiyo haisafiri na video. YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo zenye wenyewe, na video fupi ya wima inayozidi dakika moja ikikutwa na madai ya namna hiyo huzuiwa isionekane popote. Mama anapenda taarabu, kwa hiyo klipu zake nyingi zilikuwa na wimbo chini ya sauti yake. Ambapo wimbo uliwekwa baadaye, tulichukua picha ya asili na wimbo haukuwemo. Ambapo redio ilikuwa inaimba jikoni wakati wa kurekodi, sauti ya Mama na ya redio zilikuwa kitu kimoja, na hizo tulizirekodi upya. Siku hizi redio huzimwa. Sauti ya mbuzi ikikuna nazi inatosha.

Jina nalo linahitaji uangalifu. Jina letu la TikTok lilikuwa na namba mbili na mstari wa chini katikati. Jicho linalisoma, lakini mdomo haulitamki. Kabla ya kufungua chaneli tulitafuta maneno mawili ya jikoni ambayo Mama anaweza kuyasema mara moja na msikilizaji akayaandika bila kuuliza herufi. Tuliangalia kama yako wazi pande zote mbili, kisha tukabadilisha jina la TikTok kwanza na kulizoesha kwa mwezi mzima. Umuhimu wa hatua hiyo utauona mbele kidogo.

Ni watu wangapi hasa?

Namba ya wafuasi ni kumbukumbu ya watu waliowahi kubonyeza kitufe. Haisemi ni wangapi bado wapo. Kwenye TikTok wengi wanaoona video yako si wafuasi wako hata kidogo. Wameletewa na mfumo, wametazama, wameendelea na safari. Hao huwezi kuwahamisha kwa sababu hawakujua wapo kwa nani.

Ili kuwapata wanaojua, tulichukua daftari na video ishirini za mwisho. Tukaandika kila jina lililotoa maoni kwenye angalau video tatu. Ilituchukua jioni mbili, tukapata majina 183. Mama aliyatambua mengi: yule anayeuliza habari za goti lake, yule anayebishana naye kuhusu hiliki kwenye mandazi. Kati ya wafuasi elfu kumi na mbili na mia tatu, hao 183 ndio tuliowapangia kazi. Wengine wote wangekuja kwa bahati.

Kama unafikiria kuhama, hesabu hii ifanye kabla ya kuamua. Ukipata majina kumi na tano tu, hata kama una wafuasi elfu hamsini, ujue unakwenda kuanza upya.

Mwaliko

Njia ambayo kila mtu huifikiria kwanza ni kuweka kiungo kwenye wasifu na kusema "bonyezeni hapo". Kiungo kiwepo, lakini usikitegemee. Mara nyingi mtu akikibonyeza, ukurasa hufunguka ndani ya TikTok yenyewe, si kwenye programu ya YouTube iliyo kwenye simu yake. Humo hajaingia kwa akaunti yake. Akitaka kujiunga na chaneli anaombwa barua pepe na nywila. Mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni hatafuti nywila. Anarudi alikotoka, na wewe unabaki na takwimu inayoonyesha kiungo kimebonyezwa mara mia huku waliojiunga wakiwa wanne.

Ndiyo maana jina lilikuwa muhimu. Mama alisema tu, akiwa anakoroga: "Kesho ukiwa na nafasi, ingia YouTube, uandike maneno haya mawili." Anayeandika jina ndani ya programu yake ya YouTube tayari yuko kwenye akaunti yake, na kujiunga ni kubonyeza mara moja. Tulimwomba aseme katikati ya video, mikono ikiwa kazini, kwa sababu mwishoni wengi wameshapita. Na tulimwomba alisema jambo hilo peke yake. Ukiongeza "na Instagram, na Facebook, na mniandikie WhatsApp", hakuna kinachobaki kichwani.

Njia peke yake haitoshi. Lazima kuwe na sababu ya kwenda. Kuna wanaokata video ya TikTok katikati na kusema mwisho uko YouTube. Watazamaji wa Mama wangemwona amewanyima chakula mdomoni. Sisi tuliacha klipu ya TikTok iwe kamili, na YouTube tukaweka kile kisichoenea katika dakika moja.

Vitumbua ndivyo vilivyotufundisha. TikTok tulikuwa na klipu tatu tofauti: kuloweka mchele usiku, kusaga kwa tui zito na hiliki, na kuchoma kwenye chuma. Kila moja ilikuwa na swali lilelile chini yake: "Mama, vyangu vinanata." Tulitoa picha za asili, tukarekodi sehemu mpya ya kunata pekee, tukaunganisha kuwa video moja ya dakika kumi na moja. Mama anaonyesha chuma ambacho hakijapata moto wa kutosha, kisha kilichopata moto lakini kimekosa mafuta, kisha unga ambao haujaumuka. Kwa kila kimoja anakwangua kitumbua kibovu mbele ya kamera. Kichwa cha video tulikiandika kama watu wanavyouliza: "Kwa nini vitumbua vinanata kwenye chuma". Kwenye TikTok mtu huletewa video. Kwenye YouTube wengi huja na swali mkononi, na kichwa kinachofanana na swali lao ndicho kinachowafikisha.

Hatukumwaga video zote 88 kwa wiki moja. Mtu aliyejiunga hawezi kutazama vyote, na YouTube yenyewe haimtumii arifa zaidi ya tatu za chaneli moja kwa siku. Tuliweka mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Klipu fupi ya wima YouTube inaruhusiwa kufika dakika tatu, kwa hiyo nyingine zilipita kama zilivyo na nyingine tuliziunganisha.

Tulipofikisha watu hamsini tuliweza kurusha mubashara kwa simu. Chini ya hapo YouTube hairuhusu. Tulichagua Jumamosi saa mbili usiku kwa saa za Sydney wakati wa baridi. Hapo Nairobi na Dar es Salaam ni saa saba mchana, Muscat ni saa nane mchana. Minneapolis ni saa kumi na moja alfajiri, na watu wako vitandani. Hakuna saa inayowafaa wote walio Afrika Mashariki, Amerika na hapa. Mama alichagua Afrika Mashariki na Ghuba, na akawaambia wazi wa Amerika kwamba wao watakuta rekodi.

Takwimu zilivyosoma

Tulianza mwanzoni mwa Machi. Mwisho wa Agosti chaneli ilikuwa na watu 742 waliojiunga. Wale 183 wa daftari tuliwatambua 96, kwa majina au kwa namna wanavyosalimia. Kwa makadirio yetu kama mia nne hivi walitoka TikTok, yaani watatu kwa kila mia ya wafuasi wa zamani. Hiyo ni hesabu ya jiko moja la Blacktown, usiichukue kama kanuni. Lakini ukisikia mtu anaahidi kukuhamishia nusu ya wafuasi wako kwa malipo, ujue atakuletea akaunti, si watu.

Unajuaje nani ametoka wapi? Ndani ya YouTube Studio, kwenye `Analytics`, kuna sehemu inayoonyesha watazamaji wamefikaje. Angalia `YouTube search`, kisha maneno waliyoandika. Walioandika jina la chaneli ni wale uliowavusha. Walilisikia mahali fulani kabla ya kuja. Walioandika "vitumbua vinanata" au "wali wa nazi unashika chini" ni wageni wapya. Miezi mitatu ya kwanza jina letu lilikuwa juu ya kila neno. Kufikia Agosti majina ya vyakula yalilipita. Hapo nilijua kazi ya kuhamisha imefika mwisho wake, na kilichobaki ni kupika.

Kwa wanafunzi wanaowaza kipato: wafuasi wa TikTok hawahesabiwi popote katika masharti ya YouTube. Ili kupata sehemu ya mapato ya matangazo unahitaji watu 1,000 waliojiunga, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi kumi na miwili au klipu fupi kutazamwa mara milioni kumi katika siku tisini. Klipu fupi zikitazamwa ndani ya mkondo wake haziongezi kitu kwenye zile saa 4,000. Kwa hiyo anayehamisha klipu za dakika moja pekee anaweza kuona watazamaji wengi na saa zisisogee.

Kuna swali jingine ambalo YouTube huuliza kila unapopakia: je, video hii imetengenezwa kwa ajili ya watoto? Ukijibu ndiyo, maoni hufungwa na arifa haziendi. Kinachoangaliwa ni video inamlenga nani; mtoto kuonekana ndani yake peke yake hakuifanyi kuwa ya watoto. Mapishi ya Mama ni ya watu wazima hata mjukuu anapopita na bakuli. Lakini siku Mama alipoimba nyimbo za kuhesabu kwa ajili ya wadogo, tulijibu ndiyo, na tulijua hakuna salamu zitakazokuja chini yake.

Tarehe 10 Desemba

Tulidhani mlango wa pili umetulia, kisha ikaja zamu ya Australia. Kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, sheria ya hapa inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii zizuie watu wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. TikTok imo, na YouTube imo pia, ingawa mwanzoni serikali ilikuwa imepanga kuiacha nje. YouTube Kids na WhatsApp hazimo. Adhabu ni ya kampuni, si ya mtoto wala mzazi.

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Akaunti yake ya YouTube ndiyo iliyokuwa ya kwanza kabisa kujiunga na chaneli ya bibi yake. Bado anaweza kutazama bila akaunti, lakini hawezi kujiunga, kutoa maoni wala kutunza orodha. Hali ni hiyohiyo kwa rafiki zake na kwa binamu zake wa Melbourne. Kwa hiyo wale vijana wa hapa, ambao kwao hasa Mama alianza kurekodi, hawamo tena katika hesabu yoyote tunayoiona. Kama chaneli ya familia yenu iko kwa jina la mtoto, iwekeni kwa mtu mzima. Ya kwetu iko kwangu. Binti bado anashika kamera na anakata video. Sheria inahusu akaunti, haihusu kamera.

Tukio hilo ndilo lililonifanya nitilie mkazo orodha yetu ya WhatsApp. Tulinunua laini ya pili, ili namba ya Mama isizagae, na tukawaomba wale wa daftari watume neno moja: "Jiko". Watu 71 walituma. Kila Jumamosi hupata kiungo kimoja. Kumbuka tu kwamba ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hapati, na wewe hujui. Orodha moja haipokei zaidi ya watu 256. Ni ndogo, lakini namba hizo tumeziandika kwenye daftari, na mtandao wowote ukifungwa kesho tunaweza kuwapigia.

Waliobaki

Yuko mama mmoja wa Tanga aliyekuwa akitoa maoni kila siku. Hakuja YouTube. Mama alimuuliza sababu, naye akajibu, "Dada yangu, dakika kumi na moja zinamaliza bando langu." Wako wengine kama yeye, na hakuna mwaliko utakaobadilisha bei ya bando. Kwao klipu ya dakika moja ndiyo inayowafaa.

Kwa hiyo TikTok hatukuifunga. Jumatatu tunaweka klipu moja fupi, kamili, isiyomwambia mtu aende popote. Jumamosi video ndefu inakwenda YouTube. Kazi imeongezeka kwa kama saa tatu kwa wiki, nyingi zikiwa za binti yangu na mkasi wake wa kukatia video. Mama ameshazoea kusema kila kipimo mara mbili, mara moja kwa vikombe na mara moja kwa gramu, maana wa Tanga wana vikombe na wa Minnesota wana mizani.